Hesabu ya Tajiri na Hesabu ya Chombo

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Dar es Salaam kuna jambo ambalo halina ubishi: mwenye chombo chake hapeleki hesabu kwa mtu. Dereva wa chombo cha tajiri akifunga kazi jioni hutenga kwanza fedha ya watu, ndipo aangalie chake kilichobaki. Jirani yake mwenye pikipiki yake mwenyewe huondoka na fedha yote mfukoni. Kama hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku, basi kwa mwezi wa siku 26 za kazi mwenye chombo anaonekana amemzidi mwenzake kwa shilingi 208,000. Kwa ajili ya fedha hiyo watu wameuza viwanja, wamekopa kwenye vikoba, wamesaini mikataba ya mwaka mzima na zaidi.

Lakini gharama zote zikipimwa kwa kilomita, hiyo 208,000 hunyauka vibaya. Katika mfano utakaofuata hapa, inayobaki ni kama shilingi 31,000.

Kipimo cha kilomita kinafaa kwa sababu ndicho chombo chenyewe kinachokifuata. Tairi huisha kwa kilomita, oili huchoka kwa kilomita, cheni hurefuka kwa kilomita. Hata bei ambayo dalali atakupa siku ya kuuza hutegemea sana umbali ambao injini imekwenda. Hesabu ya tajiri, kwa upande wake, huenda kwa siku: ukizunguka kilomita 60 au 160, jioni inadaiwa ileile. Watu wawili wanaobishania nani anafaidi, mmoja akihesabu kwa siku na mwingine kwa mwezi, hawatafika popote mpaka wote wawili wakubali kutumia kipimo kimoja.

Tuchukue madereva wawili wa kijiwe kimoja, tuseme Mbagala Rangi Tatu. Wote wanaendesha pikipiki za aina moja, zile za sisi 125 hadi 150 kama Boxer au TVS. Kila mmoja hutembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni kama kilomita 37,500. Bei zitakazotajwa ni za mfano, zimewekwa namba nyepesi ili hesabu isomeke. Kila dereva anaweza kuziondoa na kuweka za gereji yake, njia ikabaki ileile.

Petroli iondolewe mapema, kwa kuwa haiwatofautishi. Lita ikiwa shilingi 3,000 na chombo kikienda kilomita 40 kwa lita, kila kilomita inakula shilingi 75. EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikipanda wote wawili wanaumia sawa. Kilomita ngapi kwa lita ni jambo la kupima, si la kuamini karatasi ya muuzaji, kwa sababu foleni, abiria mzito na kabureta chafu hushusha namba hiyo haraka. Jaza tangi mpaka shingoni, andika mita, fanya kazi siku mbili, jaza tena mpaka palepale, kisha gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia.

Sasa dereva wa hesabu. Shilingi 8,000 ukizigawa kwa kilomita 120 ni shilingi 67 kwa kilomita. Kwa makubaliano yake na tajiri, oili ananunua yeye, na pancha, balbu, plagi na vitu vidogo vidogo ni vyake pia. Tajiri anabeba matairi, cheni, breki, injini na karatasi zote. Oili ya shilingi 12,000 ikimwagwa kila kilomita 1,500 ni shilingi 8 kwa kilomita. Vile vidogo tuvikadirie shilingi 3. Jumla yake, bila petroli, ni shilingi 78 kwa kilomita.

Namba hiyo ni ya dereva asiyedaiwa siku ambayo hakufanya kazi. Kuna matajiri wanaotaka hesabu ya siku saba, mvua inyeshe au dereva alale na homa. Hapo kwa mwezi wa siku 30 zitatoka shilingi 240,000, kilomita zikiwa zilezile, na hesabu peke yake itapanda kutoka shilingi 67 hadi 77. Kipengele kimoja cha maneno ya mdomo, ambacho watu hukubaliana wakiwa wamesimama kando ya barabara, kina uzito kuliko matairi yote mawili kwa mwaka mzima.

Mwenye chombo chake anahitaji uvumilivu zaidi, maana gharama zake hazimfuati jioni kumgongea mlango. Tuanze na zinazoonekana gereji. Oili shilingi 8 na vitu vidogo shilingi 3, kama mwenzake. Tairi la nyuma la shilingi 60,000 likidumu kilomita 12,000 ni shilingi 5. La mbele la shilingi 50,000 hudumu zaidi, tuseme kilomita 25,000, nalo linaongeza 2. Seti ya cheni na sproketi ya shilingi 45,000 kwa kilomita 15,000 ni 3. Breki ni 2. Halafu kuna injini. Kufungua injini kwa ringi, pistoni, valvu na klachi, pamoja na mkono wa fundi, tuseme ni shilingi 300,000 kila kilomita 60,000, ambazo ni shilingi 5 kwa kilomita. Jumla ya gereji ni shilingi 28.

Karatasi, yaani bima, leseni ya LATRA na kodi, tuziweke 190,000 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 5 kwa kilomita. Tumefika 33, na mpaka hapa mwenye chombo ana haki ya kutabasamu: 33 dhidi ya 78 za mwenzake.

Kisha unakuja uchakavu wa bei. Chombo kimenunuliwa kipya kwa shilingi 3,000,000. Baada ya miaka miwili na kilomita 75,000 za abiria, mizigo na vumbi, mnunuzi anatoa 1,100,000. Shilingi 1,900,000 zimeyeyuka njiani, na ukizigawa kwa kilomita hizo ni shilingi 25 kila kilomita. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alimwambia dereva azilipe. Hakuna risiti wala ujumbe wa simu, na ndiyo maana wengi hula hela ya pikipiki yao wakidhani wanakula faida. Dereva hujenga msingi wa nyumba, hulipa ada za shule, huonekana ametoka. Mwaka wa tatu injini inapoanza kutoa moshi wa bluu na bei ya kuuza imeshuka, hana akiba ya chombo kingine, na anarudi kuomba hesabu kwa tajiri. Mwenzake asipojua hesabu hii atasema amerogwa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo kijiweni hayatajwi kabisa. La kwanza ni wizi. Bima ndogo, ambayo ndiyo hukatwa na wengi, hulipa madhara anayopata mtu mwingine. Chombo chako kikiibwa haikurudishii kitu. Tuseme kati ya vyombo ishirini kimoja huibwa kila mwaka. Kwa chombo ambacho wastani wa thamani yake kwa miaka hiyo miwili ni kama shilingi 2,000,000, hatari hiyo ni sawa na kupoteza 100,000 kwa mwaka, karibu shilingi 3 kwa kilomita. Dereva wa hesabu naye chombo kikiibwa mikononi mwake ana matatizo makubwa, tena pengine polisi, lakini mtaji uliopotea si wake. La pili ni mtaji wenyewe. Milioni tatu zingekaa mahali pengine zingezaa. Hata kwa asilimia 12 tu kwa mwaka, kwa thamani hiyo ya wastani, ni kama shilingi 7 kwa kilomita. Ukijumlisha 33, 25, 3 na 7, mwenye chombo chake analipa shilingi 68 kwa kilomita bila petroli.

Kwa hiyo ni 68 kwa 78. Tofauti ni shilingi 10 kwa kilomita, 1,200 kwa siku, kama 31,000 kwa mwezi. Kati ya ile elfu nane ambayo mwenye chombo anafurahi kutoipeleka kwa tajiri, shilingi 6,800 hivi tayari ni za chombo, na zikiliwa leo chombo kitazidai kesho.

Shilingi 31,000 bado ni fedha, na umiliki una mengine ambayo kilomita haziyapimi. Dereva wa tajiri anaweza kunyang'anywa chombo asubuhi yoyote kwa neno moja la simu, na familia yake ikalala njaa siku hiyohiyo. Mwenye chombo chake anapanga saa zake, hupumzika akiumwa. Hayo ni mambo makubwa kwa mtu mwenye watoto. Ila ni vizuri anayeuza kiwanja ajue ananunua uhuru zaidi kuliko faida.

Mabadiliko yanaanza kilomita zinapobadilika. Chukua dereva wa kijiwe kilichopoa, anayetembea kilomita 60 tu kwa siku. Akiwa wa hesabu, ile 8,000 sasa inagawanywa kwa 60: shilingi 133 kwa kilomita, na pamoja na oili na vidogo inakuwa 144. Mwenye chombo chake kwa mwendo huohuo, hata ukikubali kwamba uchakavu, karatasi, wizi na mtaji sasa vimeangukia kilomita chache na kumpandisha, anafika kama shilingi 101. Hapa mwenye chombo anamwacha mwenzake mbali, shilingi 43 kwa kila kilomita, na kwa siku ni zaidi ya mara mbili ya tofauti ya mfano wa kwanza.

Peleka mwendo juu sasa, kilomita 180 kwa siku, dereva wa mjini anayeanza alfajiri na kumaliza usiku. Hesabu yake inashuka hadi shilingi 44, jumla 55. Mwenye chombo anayetembea umbali huo anakipeleka chombo chake sokoni kikiwa na zaidi ya kilomita 110,000. Tuseme anapata 800,000 tu. Gharama yake inatua kwenye shilingi 57 hivi. Mpangaji amempita mwenye mali.

Hili linakwenda kinyume na fikra ya wengi kwamba anayejituma sana ndiye afanye haraka kununua. Anayejituma sana kwenye chombo cha tajiri, ikiwa tajiri kweli ndiye anayenunua matairi na kufungua injini, anatumia kilomita za mtu mwingine kwa bei ya siku. Ndiyo sababu matajiri wenye uzoefu huchukia deiwaka. Dereva akimaliza zamu yake na kumwachia kijana mwingine chombo usiku, hesabu haiongezeki hata senti, lakini mita inakimbia. Na ndiyo sababu pia pikipiki nyingi za hesabu zina mita iliyokufa: kebo imechomolewa, na hakuna tena anayejua chombo kimekwenda umbali gani. Tajiri anayetaka kujua anaweza kufunga kifaa cha GPS, au akahesabu kwa njia nyepesi zaidi, lita za mafuta kwa wiki zidishwe kwa kilomita zilizopimwa kwa lita moja. Dereva mwaminifu naye anaihitaji mita hiyo ikiwa hai, kwa sababu bila kilomita hawezi kujua lini amwage oili.

Oili ndiyo mahali ambapo mapatano ya hesabu huharibika kimyakimya. Anayeinunua ni dereva, anayelipa injini ikifa ni tajiri. Dereva akiisukuma kutoka kilomita 1,500 hadi 3,000 anaokoa shilingi 4 kwa kilomita, nazo ni halali ya mfuko wake siku hiyo. Injini ikifia kilomita ya 35,000 badala ya 60,000, na uharibifu ukafika kwenye kranki, bili ya 500,000 inamwangukia tajiri: shilingi 14 kwa kilomita mahali palipokuwa na 5. Mmoja amepata 4, mwingine amepoteza 9, na hakuna aliyekaa chini kuona kwamba wote wawili kwa pamoja wamepoteza 5. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kushangaza kwamba haitumiki zaidi: tajiri anunue oili mwenyewe, aipandishe hesabu kwa shilingi mia chache, na imwagwe kila chombo kinapofika kilomita zilizokubaliwa.

Dalili za injini inayoelekea huko hazijifichi. Ukichomoa kijiti cha oili na kukuta kimepungua kabla ya muda bila kuvuja popote, injini inakula oili. Moshi wa bluu wakati wa kuongeza mafuta unasema jambo lilelile. Cheni nayo hupimwa kwa kidole: ivute nyuma kabisa ya sproketi kubwa, na kama inanyanyuka na kuonyesha nusu ya jino, imeisha. Kubadilisha cheni peke yake na kuacha sproketi zenye meno yaliyochongoka ni kununua cheni ya miezi michache.

Imebaki njia ya tatu, nayo ndiyo inayowavuta vijana wengi: mkataba. Tajiri ananunua chombo, dereva analipa kila siku kiasi kikubwa kidogo kuliko hesabu, na baada ya muda chombo kinakuwa chake. Matengenezo yote ni ya dereva tangu siku ya kwanza. Tuseme ni shilingi 10,000 kwa siku za kazi 450, jumla 4,500,000 kwa chombo ambacho dukani ni 3,000,000. Tukimpa dereva huyu miaka miwili na kilomita 75,000 kama wenzake, kisha akakiuza kwa 1,100,000, amebeba 3,400,000 kama gharama ya chombo chenyewe, shilingi 45 kwa kilomita. Mwenzake aliyenunua kwa fedha taslimu alibeba 32, uchakavu na mtaji pamoja. Jumla ya wa mkataba ni shilingi 81 bila petroli, juu kidogo ya dereva wa hesabu.

Mkataba unaanza kumlipa akikitunza chombo mpaka mwaka wa tatu, wakati hana tena deni na uchakavu wa bei umepungua kasi. Vilevile unamlazimisha kuweka akiba ambayo pengine angeitumia, na hilo kwa watu wengi lina thamani ya kweli. Hatari yake iko katikati. Dereva aliyelipa siku 300, akavunjika mguu au akaugua, na tajiri akakichukua chombo, ametoa shilingi 3,000,000 kwa kilomita 36,000. Hizo ni shilingi 83 kwa kilomita, na ukiongeza 28 za gereji ambazo alizibeba peke yake, ni 111, bila kubaki na hata tairi. Kabla ya kusaini, swali la kuuliza kabla ya bei ya siku ni hili: nikishindwa siku ya 300, narudishiwa nini? Likiandikwa jibu lake, likasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, mkataba huo ni biashara nyingine kabisa.

Namba hizi zina kazi pia pale abiria anapouliza bei. Kilomita 120 za siku si zote za abiria. Kurudi kijiweni mtupu, kumfuata mteja, kwenda kujaza mafuta, vyote mita inavihesabu. Kama kilomita 70 tu ndizo zenye mtu nyuma, gharama yote ya siku inabebwa na hizo 70. Pamoja na petroli, dereva wa hesabu ana shilingi 153 kwa kilomita, ambazo zikihamishiwa kwenye kilomita za abiria zinakuwa 262. Mwenye chombo ana 143, zinakuwa 245. Abiria wa kilomita 4 anayetoa 1,500 anamwachia wa kwanza kama 450, wa pili kama 520. Kupunguza kilomita tupu kumi kwa siku, kwa kungojea mteja wa kurudi naye au kuwa na wateja wa simu wa karibu, kunampa yeyote kati yao zaidi ya shilingi 850 kwa siku akihesabu petroli, hesabu ikiwa palepale na abiria walewale. Hiyo ni sehemu kubwa ya tofauti iliyopo kati ya kumiliki na kukodi.

Anayeamua kumiliki ana kazi moja ya kila jioni. Kwa mwendo wa kilomita 120, zile shilingi 25 za uchakavu ni 3,000 kwa siku, na ziingie kwenye akaunti ya simu au kibubu ambacho hakiguswi. Kwa miezi 24 ya siku 26 zitafika 1,872,000. Ukiongeza 1,100,000 za kuuza cha zamani, ni 2,972,000, karibu kabisa na bei ya chombo kipya cha mfano wetu. Kama katika miaka hiyo bei imepanda hadi 3,400,000, pengo ni 428,000, na ili lisimkute mikono mitupu ilibidi atenge shilingi 700 zaidi kwa siku tangu mwanzo. Kwa hiyo ni busara aulize bei dukani kila baada ya miezi sita na kurekebisha kiasi anachotenga, badala ya kusubiri mpaka fundi amwambie injini imekwisha.